Baada ya Kupasuliwa Kifundo cha Mkono: Ganzi Ipi Tuingojee, na Ganzi Ipi Iturudishe kwa Daktari

Mama aliyepasuliwa kifundo cha mkono anarudi nyumbani na bandeji, na kabla juma halijaisha majirani wanaanza kuuliza kama vidole vimepona. Akijibu kwamba ncha za vidole bado zina ganzi, wanatikisa vichwa. Mmoja anasema daktari amekata mshipa usiopaswa kukatwa. Mwingine anasema afadhali angevuka mpaka akapasuliwe Ndola. Wa tatu analeta maji ya moto na kitambaa ili akande kidonda. Mara nyingi wote watatu wanakosea, kwa sababu ganzi inayobaki baada ya upasuaji huu huwa ni jambo la kungojewa. Lakini kuna ganzi nyingine ambayo si ya kungojea hata siku mbili. Juma hili tutazitenganisha hizo mbili, kisha tuone jinsi ya kulea kovu na lini mkono unaweza kurudi kazini.

Kilichofanyika ndani ya kiganja

Ugonjwa wenyewe wengi wetu tunaujua kwa dalili zake. Mama anaamka usiku mkono unawaka, anaukung'uta pembeni ya kitanda mpaka utulie. Mchana sindano inamponyoka, kikombe kinamponyoka. Kwenye karatasi za hospitali madaktari wetu wanauandika kwa jina la Kifaransa, kanali karpieni.

Mahali mkono unapokutana na kiganja kuna njia nyembamba. Chini yake na ubavuni ni mifupa midogo, juu yake ni ukanda mgumu uliolala kutoka upande wa kidole gumba hadi upande wa kidole cha mwisho. Ndani ya njia hiyo zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia ikibana, kano zinavumilia, lakini mshipa wa fahamu hauvumilii. Mshipa huo ndio unaoleta hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa kidole cha kati. Kidole cha mwisho hakimo, kwa kuwa kina mshipa wake unaopita njia nyingine. Tulishike jambo hili, tutalirudia.

Katika upasuaji daktari anachoma sindano ya ganzi, anachana ngozi kidogo chini ya kiganja, na kuukata ukanda ule mgumu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mshipa wa fahamu wenyewe haukatwi. Anaufungulia mlango tu, kisha anashona ngozi. Ukanda hashoni, unaachwa wazi, na mwili wenyewe utajaza ile nafasi kwa nyama ya kovu, polepole, huku njia ikiwa imekuwa pana kuliko mwanzo.

Kwa hiyo upasuaji unaondoa mgandamizo siku ileile, lakini hauponyi mshipa. Mshipa unajiponya wenyewe, kwa mwendo wake. Ndiyo maana tunaweza kuwa na upasuaji uliofanyika vizuri kabisa na vidole ambavyo bado vimekufa ganzi.

Ili tusipotee, tumfuate mama mmoja kama mfano. Ni mshonaji wa miaka 46, anatumia mkono wa kuume. Kwa miaka mitatu alikuwa anaamka usiku, na mwaka wa mwisho vidole vitatu vilikuwa na ganzi mchana na usiku, bila kupumzika. Anapasuliwa tarehe 13 Januari. Tunajua wote tarehe anayoihesabu kichwani: 8 Machi, siku ya wamama, wakati kila mtu anataka kitenge chake kishonwe. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 54.

Majuma mawili ya kwanza

Siku ya upasuaji mkono mzima unaweza kuwa na ganzi, hata kidole cha mwisho. Hiyo ni sindano. Kwa kawaida inaisha baada ya saa chache, na kuna dawa ambazo zinakaa mpaka kesho yake asubuhi. Wakati huo mkono haujui moto wala kisu, basi mama akae mbali na mbabula.

Siku mbili tatu za kwanza mkono ukae juu kuliko moyo: juu ya mto akilala, juu ya bega la pili akiketi. Mkono ukining'inia unavimba, na uvimbe ndio unaoleta maumivu makali. Kitambaa cha shingoni si lazima. Akikitumia sokoni ili watu wasimgonge, akifika nyumbani akitoe, la sivyo bega linakauka.

Vidole vianze kazi siku ileile. Kila saa akiwa macho, avinyooshe vyote kabisa, kisha afunge ngumi pole, mara 10. Ngumi tupu, haikamui kitu. Hii si mazoezi ya nguvu. Inazuia kano zisishikane na kovu linaloanza kujengeka ndani. Anaweza kuvaa nguo, kushika kijiko, kufunga kifungo. Hawezi kuinua bidoni ya maji, kukamua nguo, wala kusukuma kiti kwa kiganja ili asimame. Wengi wanasahau hilo la mwisho, na ndilo linalofungua kidonda.

Kidonda kikae kikavu mpaka nyuzi zitolewe. Ngozi ya kiganja ni nene na inashikana polepole, kwa hiyo nyuzi zinakaa siku 10 hadi 14. Wakati wa kuoga mkono uvikwe mfuko wa plastiki uliofungwa juu ya kifundo. Mama wetu anatolewa nyuzi tarehe 25 Januari. Baada ya hapo asubiri siku mbili tatu, na kama hakuna mahali palipo wazi, anaweza kunawa kwa sabuni na maji safi. Kuloweka mikono kwenye baseni ya nguo kungoje mpaka juma la tatu au la nne.

Maji ya moto ya jirani tuyakatae kwa upole. Kidonda kibichi kikikandwa kinavimba zaidi, na vidole vyenye ganzi havitajua kama maji yanaunguza. Na chale za dawa juu ya kovu au kando yake zinafungua mlango wa usaha mahali ambapo kano na mshipa wa fahamu viko karibu sana na ngozi.

Ganzi ina umri wake

Sasa tufike kwenye swali kubwa. Ganzi itaisha lini? Jibu halitegemei sana ustadi wa daktari. Linategemea mshipa ulikuwa katika hali gani siku ulipofunguliwa.

Kama kabla ya upasuaji ganzi ilikuwa inakuja na kuondoka, zaidi usiku, basi mshipa ulikuwa umebanwa tu, haujaharibika. Mama wa namna hii mara nyingi analala vizuri tangu usiku wa kwanza au katika majuma machache ya kwanza, na vidole vinasafika katika majuma au miezi michache.

Kama ganzi ilikuwa haiondoki tena, kama kwa mshonaji wetu, ina maana nyuzinyuzi nyingine ndani ya mshipa zimekufa kuanzia pale pembamba mpaka kwenye ncha ya kidole. Hizo lazima ziote upya. Mshipa wa fahamu unaota karibu milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Tupime: kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati cha mama huyu ni sentimita 17. Ni milimita 170, basi siku 170. Tukihesabu kuanzia 13 Januari tunafika mwanzo wa Julai, katikati ya baridi. Na mshipa una desturi ya kukawia kidogo kabla haujaanza safari. Kwa hiyo siku ya wamama ikifika na ncha za vidole vyake bado ni nzito, hakuna kilichoharibika. Hesabu yenyewe inasema bado. Kwa wengine kama yeye uponyaji unaendelea mwaka mzima, na wengine wanabaki na ganzi ndogo isiyoisha, hasa wenye ugonjwa wa sukari na wenye umri mkubwa.

Hali ya tatu ni pale ambapo nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imekwisha kunyauka, palipokuwa na kilima pakawa bapa. Hapo upasuaji unafanywa zaidi kuzuia hasara isiongezeke na kuondoa maumivu ya usiku. Hisia inaweza kurudi kwa sehemu. Kilima kile mara nyingi hakirudi chote. Ni afadhali mama aambiwe hivyo kabla ya kupasuliwa kuliko kungoja mwaka na kulia.

Ganzi inaondoka kwa mpangilio. Kwanza yanaondoka maumivu ya usiku. Kisha inakuja siku ambayo vidole vinaanza kuchomachoma, kama sisimizi wanatembea au umeme mdogo unaruka. Wengi wanaogopa hapo wakidhani ugonjwa umerudi. Kwa kidole kilichokuwa kimekufa kabisa, sisimizi hao ni habari njema: mshipa unaamka. Baadaye unahisi kuguswa lakini hujui umeguswa na nini, kitenge na nailoni ni kimoja. Mwisho kabisa ndiyo inarudi ile hisia ya kutofautisha, ya kujua sarafu kutoka kwa kifungo ndani ya mfuko bila kuangalia.

Pembeni ya kovu pia kuna ganzi yake. Ngozi ilipochanwa, vineva vidogo vya ngozi vilikatwa pamoja nayo. Sehemu ndogo kandokando ya mstari inaweza kukosa hisia, au kinyume chake ikawa na hisia kali kupita kiasi. Inapungua kwa miezi. Haina uhusiano na ganzi ya vidole.

Ili usitegemee kumbukumbu, chukua daftari. Kila Jumapili jioni fumba macho, mtoto akuguse ncha za vidole vitano kwa pembe ya kitambaa, kimoja kimoja bila utaratibu. Andika kwa kila kidole: nasikia, sisikii, au nasikia kama umeme. Mabadiliko ya juma moja hayaonekani, lakini kurasa za miezi miwili zinaonyesha wazi kama unaenda mbele, na daktari atazifurahia kuliko maneno "bado tu".

Mpaka hisia irudi, vidole havina mlinzi. Mama anayeshona ana pasi ya makaa, na mama yeyote ana sufuria na mbabula. Kidole chenye ganzi kinaungua bila kulalamika, na mwenyewe anaona lengelenge kesho yake. Basi sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene kila mara, joto la maji lipimwe kwa mkono wa pili au kwa kiwiko, na pasi ishikwe macho yakiwa juu yake.

Kulea kovu

Kovu la kiganja linatudanganya. Siku ya kutoa nyuzi ni mstari mwembamba, laini, na mama anafikiri kazi imeisha. Kati ya juma la nne na la nane linakuwa gumu, linainuka, na linauma kulibonyeza kuliko mwanzo. Huo ndio wakati mwili unajaza nyama ya kovu kwa wingi. Halijaharibika. Kuanzia mwezi wa tatu linaanza kulegea, na kwa miezi sita mpaka mwaka linabaki mstari usioonekana sana.

Kazi yetu ni kulisugua ili ngozi isigande juu ya vilivyo chini yake. Tunaanza pale tu kidonda kimefunga kabisa, hakuna kigaga wala unyevu, yaani karibu juma moja baada ya nyuzi kutoka. Paka vazelini ya kawaida au mafuta safi yasiyo na manukato. Weka ncha ya kidole gumba cha mkono wa pili juu ya kovu, bonyeza mpaka usikie ugumu ulio chini, kisha sogeza ngozi yenyewe: duara ndogo, halafu mbele na nyuma, halafu kwa kukata mstari. Kidole kisiteleze juu ya ngozi kama anayepaka losheni. Ngozi na kidole vitembee pamoja. Dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku. Iume kidogo tu, na maumivu yaishe ukimaliza. Kesho yake kovu likiwa limevimba au la moto, ulibonyeza mno, punguza.

Krimu za kung'arisha ngozi zisikaribie hapo. Nyingi zina dawa zinazopunguza unene wa ngozi, nasi tunataka ngozi ya kiganja ibaki nene. Wanaojua kwamba miili yao inaota makovu makubwa kifuani au masikioni wamwambie daktari mapema, ingawa kiganjani makovu hayo ni nadra.

Kama kovu lina hisia kali hata shuka linaliudhi, lifundishwe. Lisugue kwa pamba dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Pamba ikizoeleka, tumia kitenge laini, kisha taulo, kisha ingiza mkono ndani ya bakuli la mchele au maharage makavu na kuzungusha vidole. Kila hatua inachukua siku kadhaa. Kuficha mkono na kukataa uguswe kunafanya hisia ile kali ikae zaidi.

Kuna pia maumivu yasiyo ya kovu lenyewe, yanayokaa kwenye vilima viwili vya chini ya kiganja, upande wa gumba na upande wa kidole cha mwisho. Hapo ndipo ukanda uliokatwa ulikuwa umeshikamana. Yanasikika ukiegemea mkono au ukifungua kifuniko kigumu. Kwa kawaida yanaisha kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Yanachelewesha kazi kuliko kidonda, na kwa hiyo tuyakumbuke tunapopanga kurudi kazini.

Kurudi kazini, kila kazi na tarehe yake

Nguvu ya kushika inapungua baada ya upasuaji. Hilo linawashangaza wengi, kwa kuwa walipasuliwa ili wapate nguvu. Ukanda uliokatwa ulikuwa pia unashikilia kano mahali pake, na mwili unahitaji muda kuzoea. Kwa wengi nguvu inarudi ilipokuwa kwenye mwezi wa tatu hivi, halafu inazidi.

Kazi nyepesi ya kuketi, kama kuandika, kuhesabu pesa, kuuza vitu vidogo dukani, inawezekana baada ya juma moja au mawili. Mwalimu anaweza kurudi baada ya majuma mawili, chaki ikiwa nyepesi na ubao ukifutwa na mwanafunzi. Kazi ya nyumbani isiyo nzito, juma la tatu au la nne. Kusonga bukari ya familia nzima, kutwanga, kufua mablanketi, kulima na kubeba gunia la unga la kilo 25 kungoje majuma 6 mpaka 8, na kwa wengine 10 au 12. Jembe na mchi vinastahili subira zaidi, kwa sababu mpini unagonga palepale penye kovu, mara mia kwa asubuhi moja. Kwa mama anayepitisha mizigo mpakani, kuuza ni mapema, kubeba ni baadaye. Juma la tatu anaweza kukaa na bidhaa zake. Kuziinua kichwani amwachie mtu mwingine mpaka miezi miwili ipite.

Mshonaji wetu je? Juma la pili hana kazi, ila anaweza kupokea wateja na kuwapima, mwanafunzi wake akiandika. Tarehe 10 Februari, juma la nne, anakaa kwenye mashini ya miguu kwa dakika 20, anapumzika 10, jumla saa moja au mbili kwa siku. Kusukuma kitambaa chini ya sindano hakuhitaji nguvu. Mkasi ndio adui yake: pete ya mkasi inabonyeza chini ya gumba, na vitenge vinne vilivyopangwa pamoja vinataka ngumi. Basi kukata anamwachia mwanafunzi mpaka juma la sita, kisha anaanza kitenge kimoja kimoja. Tarehe 24 Februari anafika nusu ya siku yake ya zamani. Hapo anajua idadi ya nguo za 8 Machi anazoweza kukubali. Kama mwaka jana alichukua 20, mwaka huu achukue 8, na awaambie wateja mwezi wa Januari kabla hajala arbuni. Kwa sababu ncha za vidole bado hazijaamka, sindano ya mkono anaitia uzi kwa kuangalia, si kwa kupapasa, na pindo za mkono anazigawia mwingine.

Kipimo cha kujua kama umezidisha kiko kwenye jioni na asubuhi. Maumivu yanayotulia ndani ya saa moja baada ya kuacha kazi ni ya kawaida. Mkono ukiamka umevimba, vidole vigumu kufunga, rudi kwenye kiasi cha juma lililopita kwa siku chache.

Mama aliye na ugonjwa huu mikono yote miwili, na hana mtu wa kumsaidia nyumbani, aombe mkono mmoja upasuliwe kwanza. Mikono miwili yenye bandeji haiwezi hata kufunga kitenge kiunoni.

Lini kurudi kwa daktari

Ganzi yoyote baada ya upasuaji inaweza kupimwa kwa swali moja: imelinganaje na ile ya kabla?

Kama ni mpya au imezidi, rudi mara moja. Kidole kilichokuwa kizima kikaingia ganzi na sindano imekwisha isha tangu jana, kidole gumba kilichokuwa kinagusa kidole cha mwisho sasa hakiwezi, umeme mkali unaopiga kila unapoguswa kiganja: hizo zinaweza kuwa dalili za mshipa kuguswa au damu iliyokusanyika ndani na kuubana. Siku ya kwanza bandeji iliyokazwa mno inaweza kufanya hivyo pia. Vidole vikiwa baridi, vimevimba na vinauma sana, ilegezwe hospitali usiku huohuo.

Kama ni ileile, haikubadilika hata kidogo, na hata usiku bado unaamka kama zamani baada ya miezi mitatu, huenda ukanda haukukatwa wote, au shida ilikuwa pia mahali pengine, shingoni kwa mfano. Hapo daftari lako lina kazi. Kumbuka kidole cha mwisho: kama ndicho kinachokusumbua, mshipa wake si huu uliofunguliwa, na daktari lazima achunguze njia nyingine, hasa kwenye kiwiko.

Kama iliondoka kabisa kwa miezi, kisha ikarudi, kovu la ndani linaweza kuwa limeubana mshipa tena. Si dharura, lakini si la kunyamazia mwaka mzima.

Na kama inapungua, hata polepole, ingoje.

Mbali na ganzi, kidonda kina dalili zake. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, basi tumia mgongo wa mkono wa pili: kidonda cha moto kuliko kiganja kingine, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, maumivu yanayopiga kama moyo, usaha, au homa. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kwenda hospitali yetu hapa Sakania siku ileile, bila kungoja safari ya kurudi Lubumbashi kwa daktari aliyepasua. Na mkono unaovimba wote, ngozi ikang'aa, ukawaka hata kwa upepo, vidole vikakataa kukunjika majuma baada ya upasuaji, ni hali nyingine inayohitaji matibabu mapema. Kuufunga na kuulaza kunaizidisha.

Anayejiandaa kwenda kupasuliwa awaulize madaktari mambo mawili kabla ya sindano: mshipa wangu uko katika hali gani kati ya zile tatu, na nani atanitoa nyuzi hapa nyumbani. La kwanza litakuambia ungoje ganzi mpaka lini. La pili litakuepusha na safari ndefu ya barabara mbaya, mkono ukigongwagongwa ndani ya gari, kwa kazi ambayo muuguzi wetu anaimaliza kwa dakika 10.